Bahari ni yetu pia, sisi wa milimani

(Hotuba ya paredi ya Jumatatu, iliyosomwa na mwenyekiti wa klabu ya mazingira, mwanafunzi wa kidato cha tatu, katika shule moja ya sekondari ya bweni huko Uyole, Mbeya)

Mkuu wa Shule, Makamu Mkuu wa Shule, mwalimu wa zamu na walimu wetu wote, shikamooni. Kaka mkuu, dada mkuu na wanafunzi wenzangu, habari za asubuhi.

Siku ya Bahari Duniani huadhimishwa kila tarehe 8 Juni. Siku hiyo sisi tutakuwa likizo, kwa hiyo klabu ya mazingira imeomba dakika chache za paredi ya leo. Namshukuru mwalimu wa zamu kwa kutukubalia, najua baridi ya Mei haivumiliki ukiwa umesimama.

Nyoosha mkono wewe uliyewahi kuiona bahari kwa macho yako. Asanteni, shusheni. Mnaona tulivyo wachache. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na wengi wetu samaki tunaowajua ni wa Ziwa Nyasa. Nilipotangaza mada hii kwenye kikao cha klabu, mwenzetu mmoja aliuliza: bahari inatuhusu nini sisi watu wa viazi na mahindi? Ni swali la haki, na nimekuja kulijibu mbele ya wote.

Nianze na mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayotulisha. Kati ya maji yote yanayopanda angani kama mvuke duniani, takribani asilimia 86 hutoka baharini. Upepo huyachukua, huyasukuma barani, na yakikutana na milima kama Uporoto na Rungwe hupanda, hupoa na kushuka. Chai ya Tukuyu, ndizi za Rungwe, mpunga wa Usangu, viazi vya hapa Uyole: kila kimoja kinakunywa maji ambayo sehemu yake kubwa iliwahi kuwa bahari.

Sasa tazameni joto. Bandikeni sufuria yenye maji na sufuria tupu kwenye majiko mawili yanayolingana. Ile tupu itaunguza mkono ndani ya dakika, yenye maji bado itakuwa vuguvugu. Maji hubeba joto jingi kabla hayajabadilika, na dunia yetu imefunikwa na bahari kwa asilimia 71 hivi. Wanasayansi wamepima, wakaona kwamba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalobaki duniani kwa sababu ya hewa ya ukaa na gesi nyingine tunazozalisha limeingia baharini. Limeingia huko badala ya kubaki juu ya vichwa vyetu. Bahari pia imemeza karibu robo ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye viwanda, magari na misitu inayochomwa. Na vijimea vyake vidogo visivyoonekana kwa macho hutengeneza karibu nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani.

Naomba tusikilize hapo kwa makini, kwa sababu mtu anaweza kusikia haya akafurahi, akasema basi bahari inatosha, itameza yote. Haimezi bure. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu za nchi kavu zinazoyeyuka huongeza mengine, hivyo usawa wa bahari unapanda; tangu mwaka 1900 umepanda kwa sentimita 20 hivi. Hewa ya ukaa ikiyeyuka majini hufanya asidi, na asidi ya maji ya juu ya bahari imeongezeka kwa karibu asilimia 30 tangu viwanda vilipoanza. Viumbe wanaojenga magamba na matumbawe wanapata shida kujenga.

Na bahari iliyopata joto huvuruga ile mvua niliyoanza nayo. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko kawaida yake na upande wa Indonesia ukapoa, Afrika Mashariki hupata mvua zisizo na kipimo. Ilitokea mwishoni mwa 1997, ikatokea tena 2019, na msimu wa 2023 kuingia 2024 hali hiyo ilikuja pamoja na El Niño. Aprili 2024, hapa hapa jijini, udongo wa mlima Kawetere uliporomoka ukafunika nyumba za watu wa Itezi. Sisemi bahari peke yake ndiyo iliyoangusha mlima. Miteremko inapobaki bila miti, sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Lakini wiki tatu tu baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mwaka mmoja kabla yake, kimbunga Freddy kilitoka upande wa Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote na kudumu zaidi ya wiki tano, kikaua watu zaidi ya 1,000 nchini Malawi. Malawi ni hapo ng'ambo ya Kasumulu, haina pwani, na bado bahari ilifika ikawagongea mlango. Kimbunga hula joto la maji. Ukiipa bahari joto zaidi, unakilisha kimbunga.

Sasa nizungumzie watu, maana takwimu hazina njaa.

Mama yangu mdogo anaishi Bagamoyo, na likizo iliyopita alinipeleka Mlingotini kwa akina mama wanaolima mwani. Nilidhani mwani huokotwa tu ufukweni. Sivyo. Maji yakitoka, wanashuka na kamba ndefu ambazo wamezifunga vipande vya mwani kimoja kimoja, umbali wa shubiri moja hivi kati ya kipande na kipande, wanazikaza kwenye vigingi vilivyopigwa mchangani. Wanafanya kazi wameinama, maji magotini, jua la utosini, na saa haipangwi na mtu: inapangwa na maji. Bamvua likija, kila mtu yuko shambani. Maji yakirudi yanakukuta au hayakukuti, mwani wako unabaki na kazi yake.

Mmoja wao, mama wa makamo, alinionyesha kipande kilichopauka. Kilikuwa cheupe kwenye kiungo, laini kama kimepikwa, na alipokigusa kilikatika mkononi mwake. Akaniambia, "Mwanangu, maji ya moto haya. Zamani kina kifupi kilitutosha. Sasa mwani unaota vizuri kule kwenye maji mengi, na kule wengi wetu hatujui kuogelea." Aina ya mwani inayolipa zaidi ndiyo inayoshindwa na joto kwanza, ile inayostahimili bei yake ni ndogo. Na wengi wa wakulima wa mwani wa pwani yetu ni wanawake. Fedha hiyo ndiyo iliyowanunulia watoto wao sare za shule, kama viazi vilivyotununulia sisi.

Sitapitia kila kazi ya pwani, muda hautoshi. Mvuvi wa ngalawa na mwanamke anayechokoa pweza wanategemea miamba ya matumbawe, na matumbawe huwa meupe na kufa maji yakipata joto kupita kiasi. Mwaka 1998 yaliharibika vibaya pwani yetu, Mafia ikiwemo, na mwaka 2024 yakapauka tena sehemu nyingi za dunia. Nje ya Pangani kuna kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa na miti na kasa walitaga mayai hapo. Leo maji yakijaa kinafunikwa chote.

Wapo watakaosema: Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani, basi waliochafua wasafishe. Nakubaliana nao kwamba deni kubwa si letu, na viongozi wetu waendelee kulidai katika kila mkutano wa dunia. Lakini iko njia nyingine inayotuunganisha na bahari, na hiyo hatuwezi kumsingizia Mzungu wala Mchina. Ni mito.

Hapa Uyole barabara inagawanyika, moja inakwenda Iringa na nyingine Tukuyu, na maji ya milima yetu yanagawanyika vivyo hivyo. Yanayoshuka kaskazini huingia Usangu, yanakuwa Ruaha Mkuu, yanapita Mtera, yanajiunga na Rufiji na kumwagika baharini mkabala na Mafia. Yanayoshuka kusini huingia Kiwira, Ziwa Nyasa, mto Shire, Zambezi, mpaka pwani ya Msumbiji. Chupa ya soda unayoitupa kwenye mtaro nyuma ya bweni ina njia mbili, na zote mbili mwisho wake ni Bahari ya Hindi.

Penye mdomo wa Rufiji kuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Mizizi yake ndiyo malezi ya kambamiti na samaki wachanga, huvunja nguvu ya mawimbi, na tope lake huhifadhi kaboni kwa wingi ajabu. Mikoko hiyo inataka maji baridi ya mto yakutane na maji ya chumvi. Ruaha Mkuu tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu huku juu tunayachukua maji mengi na tunalima mpaka kwenye chemchemi. Maji ya mto yakipungua, chumvi inapanda, na mkulima wa mpunga wa delta anaiona shambani kwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Nendeni mkaangalie kijito kilicho nyuma ya shamba la shule. Mikaratusi imesimama kwenye ukingo wenyewe.

Mkuu wa Shule, ombi la klabu ni hili. Turuhusiwe kutumia kipande kilicho karibu na tangi kuwa kitalu cha miti ya asili inayotunza maji, ili miche iwe tayari mvua zikianza Novemba, na ile mikaratusi ya kijitoni ipunguzwe kwa awamu, kuni zake ziende jikoni. Tumeshaongea na mwalimu wa kilimo naye ameridhia.

Kwenu wanafunzi wenzangu: Jumamosi hii baada ya uji, tunasafisha mtaro kuanzia bweni la wavulana mpaka kijitoni. Plastiki na betri zilizokwisha tutaziweka kwenye mifuko tofauti, betri zisichomwe shimoni na takataka nyingine. Waandikishieni majina viranja wa mazingira wa kila kidato kabla ya Alhamisi jioni. Anayekuja aje na mfuko mtupu wa mbolea na avae viatu vya kufunika mguu, kule chini kuna chupa nyingi zilizovunjika.

Asanteni kwa kunisikiliza.