Kwa Anko, Siku ya Baba

Anko, shikamoo.

Leo ni Siku ya Baba, na usiogope, sitaanza kukuita Baba ghafla. Tumezoeana na "Anko", na jina hilo linanitosha. Nadhani na wewe pia.

Ila kuna jambo sijawahi kukwambia. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baada ya arobaini nilisikia wakubwa wakiulizana sebuleni utaondoka lini, maana hukuwa na damu yako pale. Usiku ule sikulala, nilikuwa nasikilizia mlango. Asubuhi nikakukuta uani unapiga viatu vyangu vya shule rangi. Ulipaka na soksi, lakini hayo tuyaache.

Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya zamani nikaona ripoti yangu ya darasa la sita. Pale chini pameandikwa "Mzazi/Mlezi, kata lisilohusika". Umesaini, hukukata neno lolote. Sijui kama ulisahau au ulikusudia. Usinijibu, naipenda ilivyo.

Najua maneno mengi yanakuchosha, utasoma hii kisha uulize kama gari langu limebadilishwa oili. Limebadilishwa.

Asante kwa kubaki, Anko. Hakuna aliyekulazimisha, na hukuwahi kunidai shukrani.

Jumapili ijayo nitapita jioni. Ile redio yako usiifungue peke yako, nisubiri.

Mimi,
wa soksi nyeusi