Malengo ya Kazi na Utaratibu wa Tathmini ya Kila Mwezi kwa Wauzaji wa Duka

Waraka huu unawahusu wauzaji 6 wa duka letu, wanaofanya kazi kwa zamu mbili katika vitengo vitatu: vyombo vya nyumbani, vifaa vya umeme na vifaa vya kuandikia. Unaeleza namna lengo la mauzo linavyopangwa, namna bonasi inavyokokotolewa, na namna mazungumzo ya kila mwezi kati ya muuzaji na msimamizi yanavyoendeshwa.

1. Mshahara na bonasi

Mshahara wa msingi ni malipo ya kufika kazini na kufanya kazi, kwa hiyo haupunguzwi kwa sababu mauzo yameshuka, mteja amelalamika au droo imepungua. Bonasi ni nyongeza juu ya mshahara huo, na haiwezi kuzidi asilimia 20 yake: 10 kwa mauzo, 4 kwa usahihi wa mali, 3 kwa usahihi wa fedha na 3 kwa huduma kwa mteja. Bonasi hulipwa kila mwezi pamoja na mshahara unaofuata tathmini, na hailimbikizwi wala kuahirishwa.

2. Lengo la mauzo

Tunahesabu idadi ya bidhaa zilizouzwa kwa kila saa ya kazi, si thamani yake. Bei tunaipanga sisi wenye duka. Ikipanda, muuzaji hajafanya kazi zaidi, na ikishuka, hajazembea. Kila kitengo kina lengo lake, kwa sababu anayeuza kalamu hawezi kupimwa kwa kipimo cha anayeuza pasi.

Lengo ni wastani wa kitengo kwa miezi 3 ya kawaida iliyopita, ukiongezwa asilimia 5. Mwezi wa sikukuu au wa kufungua shule hauingizwi katika wastani huo, la sivyo kilele cha mwaka kitageuzwa kuwa deni la mwaka mzima. Lengo likishapangwa hudumu miezi 6, na mabadiliko hutangazwa siku 30 kabla. Muuzaji aliyevuka lengo mwezi huu hataongezewa lengo mwezi ujao kwa sababu hiyo. Kufanya hivyo ni kumwadhibu kwa bidii yake, na wauzaji hujifunza upesi kuficha nguvu zao.

Saa za likizo, ugonjwa, mafunzo, kupokea mzigo na kuhesabu mali huondolewa kwenye saa za kuuza. Bidhaa ikiisha stoo, lengo la saa hizo hupunguzwa kwa kadiri ya sehemu ambayo bidhaa hiyo huchangia katika mauzo ya kitengo. Duka likifungwa kwa kukosa umeme, saa hizo hazihesabiwi kabisa. Bidhaa iliyorudishwa kwa sababu ni mbovu haitolewi kwenye mauzo ya muuzaji. Inatolewa tu ikithibitika kwamba mteja alielezwa jambo lisilo kweli. Wauzaji wawili wakimhudumia mteja mmoja, bidhaa hugawanywa sawa kati yao, nao wataandika hivyo nyuma ya nakala ya risiti kabla ya zamu kwisha.

Malipo huanzia asilimia 90 ya lengo. Aliyefikia 90 hupata asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na kila asilimia moja zaidi humwongezea nusu asilimia, hadi 10 kwa aliyetimiza lengo. Muuzaji mgeni hupewa asilimia 70 ya lengo la kitengo mwezi wa kwanza na 85 mwezi wa pili, na malipo yake hukokotolewa kwa lengo hilo lililopunguzwa.

3. Vipimo vingine

Usahihi wa mali hupimwa kila wiki kwa kuhesabu aina 20 za bidhaa na kulinganisha na daftari. Katika wiki 4, aina 76 au zaidi zikilingana, zamu nzima hupata asilimia 4. Zikiwa 72 hadi 75, hupata 2. Matokeo ni ya zamu kwa makusudi, maana rafu huguswa na wote.

Usahihi wa fedha hupimwa kwa droo ambayo muuzaji ameitumia peke yake, tangu kuikabidhiwa hadi kuifunga mbele ya msimamizi. Tofauti zisizozidi mbili kwa mwezi humpa asilimia 3. Droo iliyotumiwa na watu wawili haimhesabii yeyote tofauti.

Huduma kwa mteja hupimwa kwa ziara 4 za msimamizi, kila moja ikiwa na alama 5: kumpokea mteja, kuuliza anachohitaji, kueleza bidhaa kwa ukweli, kurudisha chenji na kutoa risiti, na kuacha eneo safi. Alama 16 au zaidi hulipwa asilimia 3, na alama 13 hadi 15 hulipwa 1.5. Malalamiko ya mteja hayaandikwi kwenye karatasi kabla muuzaji hajasikilizwa.

4. Mazungumzo ya kila mwezi

Muuzaji hupewa takwimu zake ifikapo tarehe 3, akawa na siku 2 za kuzilinganisha na kumbukumbu zake. Mazungumzo hufanyika kabla ya tarehe 8, kwa dakika 30, ndani ya saa za kazi zinazolipwa na si mbele ya wateja. Muuzaji ndiye anayeanza kusema. Msimamizi ataeleza kila kipimo kilichokosa kutimia, na ataandika jambo moja ambalo duka litalitekeleza na jambo moja ambalo muuzaji atalifanyia kazi. Yakiwa matano, hakuna litakalofanyika.

Karatasi iliyojazwa huonekana hivi:

Kitengo: vifaa vya umeme, zamu ya asubuhi.
Saa za kuuza: 160, baada ya kuondoa saa 16 za likizo.
Lengo la kitengo: bidhaa 10.5 kwa saa.
Marekebisho: kwa saa 32 birika za umeme, ambazo ni robo ya mauzo ya kitengo, hazikuwapo. Lengo la saa hizo ni bidhaa 252 badala ya 336. Lengo la mwezi ni 1,596 badala ya 1,680.
Zilizouzwa: 1,540, sawa na asilimia 96 ya lengo. Bonasi ya mauzo: asilimia 8. Bila marekebisho ingekuwa 6.
Mali: aina 77 kati ya 80 zimelingana. Asilimia 4.
Fedha: tofauti 1. Asilimia 3.
Huduma: alama 15 kati ya 20. Asilimia 1.5.
Jumla ya bonasi: asilimia 16.5 ya mshahara wa msingi.
Maneno ya muuzaji: «Wateja wa birika niliwaambia zitafika wiki ile ile, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Wengine walirudi bure.»
Duka litatekeleza: kuagiza birika zinapobaki 15.
Muuzaji atafanyia kazi: kuwasha kifaa mbele ya mteja kabla ya kukifunga, jambo lililokosekana katika ziara 2.

Saini ya muuzaji inamaanisha kwamba amesoma karatasi, si kwamba amekubaliana nayo.

5. Mauzo yakiwa chini, na rufaa

Muuzaji aliyekaa chini ya asilimia 90 kwa miezi 3 mfululizo, baada ya marekebisho yote, atapangiwa mwezi mmoja wa kufanya kazi pamoja na mwenzake mzoefu, na saa za zamu yake zitakaguliwa kwanza, kwa kuwa mara nyingi tatizo huwa ni zamu isiyo na wateja. Mauzo madogo peke yake si kosa la nidhamu.

Asiyeridhika na hesabu atawasilisha rufaa ndani ya siku 5 za kazi kwa mtunza hesabu, ambaye hakushiriki tathmini hiyo, naye atajibu kwa maandishi ndani ya siku 5. Sehemu ya bonasi isiyobishaniwa italipwa kwa wakati wake, na kiasi kitakachoongezeka baada ya rufaa kitalipwa pamoja na mshahara unaofuata.