Kuulizia makadirio ya kuvuna maji ya mvua, bweni la wasichana

Tanga mjini
Jumanne, 22 Septemba 2026

Kwa Mkuu wa Shule, Muheza

Shikamoo Mwalimu,

Habari za kazi, na wasichana wanaendeleaje? Najua kipindi hiki kidato cha nne wako kwenye maandalizi ya mtihani wa Novemba, na ofisi yako haina nafasi ya kupumua. Kwa hiyo nakuomba usome barua hii utakapopata wasaa. Hakuna jambo la kukimbilia.

Tarehe 8 Septemba nilikutumia kwa baruapepe makadirio ya kazi ya gata na matangi kwa ajili ya bweni la wasichana. Leo ni wiki mbili. Nimeona niulize mambo mawili tu: kama yalikufikia, na kama kuna mahali sikueleza vizuri. Faili lile lilikuwa zito kwa sababu ya picha za paa, na inawezekana halikufunguka kwenye simu. Nimeliambatisha tena bila picha, na hapa chini nimeandika yaliyo muhimu ili usilazimike kulifungua.

Jumla niliyoandika ilikuwa shilingi 7,090,000. Matangi mawili ya lita 10,000 ni 4,300,000. Gata za mita 24 kila upande wa paa, pamoja na mabomba, viungio, vishikizi na chujio, ni 1,180,000. Misingi miwili ya zege ni 760,000, na ufundi ni 850,000.

Baada ya kuituma nilirudia daftari la vipimo na kukuta jambo ambalo ningelieleza tangu mwanzo. Nyuma ya jiko kuna ule msingi wa zamani uliopangwa kuni. Siku ile niliupima ukingo kwa ukingo nikapata mita 2.6 kila upande, na tangi la lita 10,000 linaenea juu yake. Nikaendelea kuandika misingi miwili mipya kwa mazoea. Ule wa zamani ukiwa mzima, unahitaji kusawazishwa kwa lipu tu, kazi ya shilingi 90,000 badala ya 380,000, na jumla inashuka hadi 6,800,000. Ila nakuambia wazi, Mwalimu, sitaapa kabla kuni hazijaondolewa na nikaugonga kwa nyundo pembe zote. Tangi hilo likijaa, maji peke yake ni tani 10. Msingi wenye ufa hauwezi kubeba uzito huo, na plastiki ikikaa juu ya zege lililobonyea hupasuka chini, mahali ambapo hapazibiki. Nikikuta ufa, tunarudi kwenye bei ya kwanza ya msingi huo.

Siku ile mhasibu aliniuliza kama inawezekana kuanza na tangi moja, nami nilimjibu juujuu. Jibu kamili ni kwamba inawezekana. Tangi moja juu ya msingi wa zamani, gata za pande zote mbili na ufundi wake ni shilingi 4,120,000. Tangi la pili linaweza kuja mwakani au mwaka wowote, na hakuna bomba litakalong'olewa, kwa sababu nitaacha kiungio chake tayari.

Tofauti yake kwa wasichana iko hivi. Wako 96. Kila mmoja akitumia ndoo ya lita 20 kwa siku, tangi moja linaisha kwa siku tano. Lakini mkiamua maji hayo yawe ya kupikia na kunywa tu, kwa lita 5 kila mtu, tangi hilohilo linafika siku 20, na ya kufulia na kuogea yakaendelea kutoka kisimani. Ya kunywa yachemshwe kama kawaida, hata chujio likiwa zuri namna gani. Paa lenyewe lina mita za mraba 288. Mvua ya milimita 10 ikishuka, tukiondoa yanayomwagika na yanayoosha bati, mnabaki na kama lita 2,300. Nilipowaona mabinti wakirudi na ndoo jioni ile, wengine wakiwa na madaftari kwapani, hesabu hii ndiyo niliyokuwa naipiga kichwani. Natamani wapate maji hayo, awe ni mimi nimefunga gata au fundi mwingine.

Kuhusu tarehe, kwenye karatasi niliandika kwamba bei inasimama kwa siku 30, yaani hadi 8 Oktoba. Tafadhali isikusukume. Niliiandika kwa sababu ya matangi, maana bei yake inapangwa dukani na mimi sina mamlaka nayo. Mkiamua baada ya hapo, nitauliza dukani upya na kukupa bei ya siku hiyo kabla hamjatoa hata shilingi. Ufundi wangu hautapanda hadi mwisho wa Januari. Na hata vuli ikianza, kazi hii inafanyika katikati ya mvua. Tunapanda juu siku kavu na siku nyingine tunafanya ya chini.

Nafahamu pia kwamba fedha ya shule haitoki kwa neno la mtu mmoja. Kama suala hili linasubiri kikao cha bodi, au mnakusanya makadirio ya mafundi watatu kama taratibu zinavyotaka, hilo ni jema na ninaliheshimu. Kama itasaidia, naweza kukuandalia ukurasa mmoja wa bei hizi mbili zikiwa pembeni kwa pembeni, wajumbe waone kwa urahisi.

Na ikiwa mmeshampa mtu mwingine kazi, au mmeona iahirishwe, niambie bila wasiwasi wowote. Safari yangu ya kuja kupima haina deni. Vipimo ni vya shule, mpeni fundi wenu avitumie. Nitawaomba tu mhakikishe mambo matatu: aweke bomba la kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, aweke wavu kwenye kila tundu ili mbu wasizaliane humo, na bomba la kutolea maji ya ziada tangi likijaa lisiwe jembamba kuliko la kuingizia, maana mvua kubwa ya Muheza italishinda na maji yatachimba chini ya msingi.

Jibu linaweza kuwa fupi kabisa. Ukiandika "tumepata, tunasubiri bodi", au "tumeahirisha", linanitosha, hata kwa ujumbe wa simu. Anaweza kunijibu mhasibu au matroni pia, si lazima wewe. Namba yangu ni ileile iliyo kwenye karatasi ya makadirio. Mimi sitapiga simu ofisini wala kuja bila kuitwa, na kipindi cha mitihani sitaandika tena. Nitakusalimu shule zitakapofunguliwa Januari.

Nakushukuru kwa kunipokea vizuri siku ile, na kwa ule uji wa jikoni. Wasalimie walimu na matroni. Wasichana wa kidato cha nne nawaombea mtihani mwema.

Wako katika kazi,

Fundi Rajabu
Mabomba, gata na matangi ya maji
Tanga mjini

Kiambatisho: makadirio ya tarehe 8 Septemba 2026, bila picha