Tendo na nia: ufafanuzi wa slaidi ya 7 na ya 8 kabla ya testi ya Ijumaa

Wenzangu,

Jana kwenye diskasheni wengi tulikwama hapa, nimeona nivunje slaidi hizi kwa visa vya kubuni vya hukuhuku ziwani. Slaidi inaposema *actus reus*, soma: tendo lililokatazwa, au kutotenda pale sheria inapokutaka utende. *Mens rea* ni kilichokuwa akilini mwa mtendaji wakati akitenda.

Kisa cha kwanza. Mwaloni, Kirumba, alfajiri. Masanja anajitwika gunia la dagaa la mwenzake akidhani ni lake, maana yote mawili yamefungwa kwa kamba ya bluu. Kuchukua kupo, ila wizi chini ya kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, unataka achukue kwa hila na bila kuamini kuwa ana haki na kitu hicho. Hila haipo. Sasa tusogee mbele: kafika Igoma, kafungua, kaona dagaa si wake, akawauza na hela akatia mfukoni. Hapo wengi mtaandika "hakuwa na nia alipochukua, hana kosa", na mtakosa maksi. Kifungu hichohicho kinashika pia anayegeuza mali ya mtu kuwa yake kwa hila, na alipouza, tendo na nia vilikuwa pamoja.

Kisa cha pili ni kifupi. Mabula amekaa akitazama Jiwe la Bismarck, ameapa moyoni kumuua kaka yake, kisha akaenda zake kulala. Nia tupu. Hakuna kosa.

Cha tatu ndicho kigumu. Mtu anataka dagaa wa mshindani wake waharibike. Usiku anachokoa pamba ya kalafati kwenye maungio ya mbao za mtumbwi, nyuzi moja moja kwa ncha ya bisibisi, huku akijua alfajiri utapakia watu sita. Mtumbwi unazama, mmoja anafariki. Anajitetea: "Sikutaka mtu afe, nilitaka mzigo tu." Someni kifungu cha 200: nia ovu si kutaka kuua peke yake. Kujua kwamba kuna uwezekano mkubwa tendo lako litasababisha kifo au madhara makubwa, hata kama hujali au unaomba yasitokee, kunatosha. Kwa hiyo swali letu ni alijua nini, na ile "watu sita" ndiyo inayombana. Wivu wa biashara ni sababu iliyomsukuma, msiuchanganye na nia.

Sasa badilisheni kitu kimoja. Pamba imeoza yenyewe na hakuna aliyejua: hapo tunaingia kifungu cha 10, tukio la ajali. Je, kama mwenye mtumbwi aliona maji yakipenya jana yake, akanyamaza, akapakia abiria? Mimi naona kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, kwa uzembe wake. Mwenye hoja tofauti aje nayo kesho saa kumi jioni.