Ripoti ya Mtahini wa Nje: Ubora wa Maswali na Ulinganifu wa Usahihishaji katika Idara ya Kiswahili, Semesta ya Pili, 2023/2024

Kwa: Mkuu wa Idara ya Kiswahili
Nakala: Mtiva wa Kitivo, Ofisi ya Mitihani
Iringa, 2 Agosti 2024

Mawanda ya ukaguzi

Nilipewa mitihani ya mwisho ya kozi nne za shahada ya kwanza, yaani Mofolojia ya Kiswahili, Isimu Linganishi ya Lugha za Kibantu, Isimu Jamii na Fasihi Simulizi, pamoja na miongozo ya usahihishaji, alama za tathmini endelevu na vijitabu vya majibu. Nilisoma vijitabu 88, vikiwemo vyote vilivyopata kati ya alama 37 na 39, kwa kuwa alama ya kufaulu ni 40 na makosa madogo ya msahihishaji huwaumiza zaidi watahiniwa waliokaribia mpaka huo. Wahadhiri walinijibu kila nilipouliza, na ofisi ya idara ilinipa nyaraka zote kwa wakati, isipokuwa mwongozo wa Isimu Jamii, ambao nitaueleza hapa chini.

Ubora wa maswali

Mtihani wa Isimu Linganishi una swali ambalo ningependa idara ilihifadhi kama mfano. Swali la pili liliwapa watahiniwa jozi za nomino za Kinyakyusa na Kiswahili, kama vile umundu/abandu na mtu/watu, kisha likawataka waeleze muundo wa viambishi awali na tofauti wanazoziona. Mtahiniwa hawezi kulijibu kwa kumimina madokezo ya darasani. Ni lazima aitazame data, akitenge kiambishi tangulizi cha irabu kinachoonekana katika Kinyakyusa na kukosekana katika Kiswahili, kisha aonyeshe kwamba mpangilio wa ngeli wa lugha hizi mbili ni wa ukoo mmoja. Baadhi ya majibu yalikuwa ya kiwango cha juu sana, na watahiniwa wachache waliongeza kwa hiari yao mifano ya lugha wanazozungumza nyumbani.

Kinyume chake ni swali la kwanza la Isimu Jamii: "Jadili sababu za kukua na kuenea kwa Kiswahili nchini Tanzania." Swali hili lilitokea pia katika mtihani wa mwaka uliotangulia, bila neno hata moja kubadilika. Majibu niliyoyasoma yanafuata mpangilio uleule, kuanzia biashara ya pwani, utawala wa Wajerumani na harakati za uhuru hadi kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na mara nyingi hata sentensi zinafanana. Silaumu watahiniwa kwa kukariri walichojua kitaulizwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapaswa kupimwa uwezo wa kuchambua. Ingetosha kumpa mazungumzo mafupi ya wauzaji na wanunuzi katika soko kuu la Iringa, ambamo Kiswahili na Kihehe vinapokezana, na kumtaka aeleze ni nini kinachowafanya wazungumzaji wahame kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Maagizo ya baadhi ya maswali hayakuwa wazi. Swali la nne la Mofolojia lilisema "changanua neno hawakupikiwa" bila kueleza kama mtahiniwa atenge mofimu tu au ataje na dhima ya kila mofimu. Athari zake zilikuwa kubwa, kama inavyoonekana katika sehemu inayofuata.

Fasihi Simulizi haina dosari ya kueleza kwa urefu.

Ulinganifu wa usahihishaji

Vijitabu vya Mofolojia viligawanywa kwa wasahihishaji wawili. Neno hawakupikiwa lina mofimu saba: ha-wa-ku-pik-i-w-a. Mwongozo ulionyesha mofimu sita, kwa kuunganisha -i- ya kutendea na -w- ya kutendwa, na haukugawa alama 10 za swali hilo kati ya utengaji na dhima. Msahihishaji mmoja alitoa alama nyingi kwa utengaji pekee. Mwingine alidai dhima zitajwe. Matokeo yake, watahiniwa wawili waliotenga mofimu zote saba kwa usahihi bila kutaja dhima walipata, mmoja alama 8, mwingine alama 4. Wote wawili walijibu kile ambacho swali liliuliza. Nimesoma kazi ya wasahihishaji wote wawili kwa makini, na kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa kipimo chake kuanzia kijitabu cha kwanza hadi cha mwisho. Kilichokosekana ni kipimo cha pamoja.

Katika Isimu Linganishi, mwongozo wa swali la tano uliweka Kihehe na Kinyakyusa pamoja katika kanda M ya uainishaji wa Guthrie. Kinyakyusa ni M31, lakini Kihehe ni G62, kikiwa kundi moja na Kibena, G63. Watahiniwa 9 katika sampuli yangu waliandika jibu sahihi na wakakatwa alama 2 kila mmoja. Wawili kati yao wako chini ya 40 kwa sababu hiyo pekee. Jambo hili linanisikitisha kuliko mengine yote niliyoyaona, kwa sababu linamwadhibu mwanafunzi aliyesoma vizuri.

Niliarifiwa kwamba miongozo hii miwili iliandikwa baada ya mitihani kufanyika, na ule wa Isimu Jamii ulikamilishwa usahihishaji ukiwa umeanza. Katika Fasihi Simulizi hali ilikuwa tofauti. Kazi ya uwandani, ambapo wanafunzi walikusanya masimulizi kuhusu Mtwa Mkwawa kutoka kwa wazee wa Kalenga, ilikuwa na jedwali la vigezo walilopewa wanafunzi na wasahihishaji kabla ya kwenda uwandani. Nilisahihisha upya kazi 15 bila kuona alama za awali, na tofauti kati yangu na wasahihishaji haikuzidi alama 3 kati ya 40 katika kazi yoyote. Wahadhiri ni walewale, idara ni ileile. Tofauti ni wakati ambao kigezo kiliandikwa.

Makosa ya kujumlisha alama kwenye jalada yalikuwa manne, nami nimeyasahihisha kwa wino wa kijani na kutia saini.

Mapendekezo

Kabla matokeo hayajapelekwa kwenye Baraza la Watahini la Kitivo, swali la tano la Isimu Linganishi na la nne la Mofolojia yasahihishwe upya kwa watahiniwa wote, si wa sampuli pekee. Katika Mofolojia napendekeza alama zote 10 zitolewe kwa utengaji, kwa kuwa dhima haikuulizwa, na kila moja ya mofimu saba itambuliwe. Nipo tayari kupitia alama mpya ndani ya siku tatu baada ya kuzipokea.

Kuanzia semesta ijayo, karatasi ya mtihani isipokelewe na idara bila mwongozo unaoonyesha alama za kila hatua ya jibu, na vyote viwili vitumwe kwa mtahini wa nje kwa pamoja kabla ya kuchapwa. Mwongozo upitiwe na mhadhiri wa pili anayefahamu kozi. Kosa la kanda za Guthrie lingeonekana mara moja. Kozi yenye wasahihishaji zaidi ya mmoja ianze kwa kusahihisha vijitabu 10 kwa pamoja na kukubaliana, na mapatano hayo yaandikwe juu ya mwongozo wenyewe ili atakayechelewa kujiunga ayaone.

Swali lisirudiwe ndani ya miaka mitatu bila kubadilishwa data au mtazamo wake. Ninatambua kwamba wahadhiri wana madarasa makubwa na kwamba kutunga swali la data huchukua muda. Kwa hiyo idara ianzishe hazina ya maswali, ikianza na lile la Kinyakyusa, na ikusanye data nyingine kutoka kwa wanafunzi wanaozungumza Kibena, Kikinga na Kisafwa kama lugha za kwanza.

Ninathibitisha kwamba, mara tu masahihisho ya maswali mawili yaliyotajwa yatakapokamilika, alama za kozi zote nne zinaweza kuwasilishwa. Alama za Fasihi Simulizi na Isimu Jamii ninaziidhinisha kama zilivyo.

Mtahini wa Nje
Idara ya Kiswahili