Viatu vya Babu

Asubuhi hiyo viatu vya babu viligoma kuingia. Nikapiga magoti, nikambonyeza muundi kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Uzee tu huo, mjukuu wangu."

"Na mito mitatu unayolalia, babu?"

Akanyamaza. Usiku nilikuwa nimemsikia akiketi kitandani, akitweta.

"Huenda moyo umechoka kusukuma damu, maji yakajaa miguuni na mapafuni. Wakikupima kliniki watajua."

"Watanilaza."

"Basi nitakaa nawe huko huko. Sikuachi, babu yangu."

Alinitazama kitambo kirefu. Kisha akanyoosha mkono, pumzi zikimkatika.

"Haya, nipe ndara. Na hiyo fimbo yangu."