Insha ya tafakuri ya BTP, yale mazoezi ya kufundisha, toleo la tatu

Zuu shoga angu, insha ndo hii, mara ya tatu saivi na naomba iwe ya mwisho maana kesho saa nne asubuhi inatakiwa iwe mezani kwa mkufunzi.

Ile ya kwanza uliisoma, ilirudi na wino mwekundu juu kabisa, "hii ni shajara". Na kweli, nilianza na "siku hiyo niliamka na presha kibao", afu nikamtaja mtoto jina lake na shule yake, kitu tulichokatazwa mapema kabisa kabla hata hatujaenda BTP. Nikanuna, nikakimbilia upande wa pili kabisa, ile ya pili ukiisoma unadhani imeandikwa na kamati: "Ilibainika kuwa mwanafunzi alikuwa na changamoto ya usomaji." Ilibainika na nani sasa? Si mimi ndo nilikuwa nimesimama pale na chaki mkononi! Tena hiyo "ilibainika" ilinisaidia kuficha kitu, utakiona.

Vile vichwa sita vya tafakuri vya Gibbs (1988) nimevibakiza kwa sababu chuo wanavitaka, ila tukio nimelifupisha ili uchambuzi upate nafasi. Tukio linasomeka hivi:

"Nilikuwa nikifundisha kusoma Darasa la Pili lenye wanafunzi 94. Nilimwita mwanafunzi mmoja, ambaye hapa nitamwita Juma (si jina lake), asome habari fupi. Alisoma bila kukwama, lakini kitabu chake kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine. Darasa lilicheka. Nilimwambia akae, nikamwita mwingine."

Hiyo sentensi ya mwisho haikuwepo kwenye ile ya kwanza, na kwenye ya pili niliandika "mwanafunzi alielekezwa kuketi", yaani kama vile ni dawati ndo lilimwelekeza.

Hisia zilikuwa ukurasa mzima na jasho na magoti kutetemeka, nimefyeka zimebaki sentensi mbili: "Niliona aibu, na aibu ile haikuwa kwa ajili ya Juma. Msimamizi wangu alikuwa ameketi nyuma ya darasa."

Uchambuzi sasa, hapa ndo nimekesha:

"Wakati wa mapumziko nilifunika picha kwa kiganja na kumwonyesha Juma neno moja moja. Alitambua neno 'paka' tu. Kwa wiki mbili nilikuwa nikisoma sentensi na darasa zima linaitikia. Njia hiyo ilimwezesha kukariri habari kwa kusikia, na sauti za wenzake zikaficha kwamba hasomi. Schön (1983) anatofautisha tafakuri inayofanyika ndani ya tendo na ile ya baada ya tendo. Ndani ya tendo sikutafakari: ishara niliiona, lakini nilichagua kulinda somo lisikatike mbele ya msimamizi. Vygotsky (1978) anaeleza eneo ambalo mtoto hawezi jambo akiwa peke yake lakini analiweza akisaidiwa na anayemzidi. Kuitikia kwa pamoja hakukunipa nafasi ya kujua eneo hilo kwa Juma linaanzia wapi."

Unaona Vygotsky alivyohama? Mwanzo nilimtundika aya ya kwanza kama pambo la ukumbini, hana kazi yoyote, sa hivi yuko pale ambapo bila yeye nisingeweza kueleza kosa langu. Na "mimi" nimeiacha kila mahali ambapo ni mimi niliyefanya au niliyeona. Nilikotoa ni pale nilipoandika "watoto wa siku hizi wanakariri tu", maana hiyo siijui, mi namjua Juma mmoja na nusu saa ya mapumziko.

Tathmini na hitimisho ni fupi fupi tu, sikuchoshi. Mpango kazi nilikuwa nimeandika "nitaboresha mbinu zangu za ufundishaji", mkufunzi kaandika pembeni "lini?" Nimebadilisha hivi: "Nitatengeneza kadi za silabi kwa maboksi ya karatasi ngumu, na kila siku nitawasikiliza wanafunzi wanane, mmoja mmoja, kabla ya kipindi cha kwanza. Kwa utaratibu huo nitalimaliza darasa zima ndani ya siku 12 za masomo. Nitaanza na Juma, akiwa peke yake, ili asichekwe tena."

Hapo kwenye "ili asichekwe tena" nilitaka kufuta, naona kama narudi kwenye shajara. Ila nikiitoa, kumuanza Juma hakuna sababu, kwa hiyo imebaki.

Dada angu kasoma akasema hiyo "nilichagua kulinda somo" nimejichongea mwenyewe, maksi zitashuka. Zishuke, mi siigusi. We niangalizie tu kama kuna mahali nimeandika mkaguzi badala ya msimamizi, afu nijibu kabla ya saa mbili usiku huu, stesheneri wanafunga mapema na printa ya hosteli haina wino tangu juzi.